Namba ya ombi si TIN: jinsi ya kusoma ile picha uliyotumiwa kwa WhatsApp

Jumanne moja asubuhi, dada mmoja aliyekuwa amepata kazi ya ukarani kwenye ghala la mahindi hapa Busia, upande wa Uganda, aliingia dukani kwangu, akaweka simu juu ya mashine ya fotokopi na kusema, "Kaka, TIN yangu ni mbovu. Mhasibu anasema kompyuta inaikataa kila akiiandika."

Nikaichukua simu. Kwenye skrini kulikuwa na picha aliyotumiwa kwa WhatsApp na kijana aliyemsaidia kujaza fomu. Ilikuwa imekatwa juu na chini, zikabaki sentensi ya Kiingereza inayosema ombi limepokelewa, mstari wa "Reference Number" wenye namba ndefu, mstari wa "Search Code", na tarehe ya wiki tatu nyuma. Alichokuwa akimpa mhasibu ni ile "Reference Number". TIN, yaani namba ya mlipa kodi, haikuwamo kabisa kwenye picha ile, kwa hiyo haikuweza kuwa mbovu wala nzima.

Kisa hiki nakiona karibu kila mwezi, na tangu 2025 kimeongezeka, kwa sababu watu wanasikia habari za vitambulisho vipya na habari za kodi kwa pamoja, na namba zote zinachanganyika kwenye chungu kimoja. Basi tuzitenganishe.

Tuanze na mzigo wa basi. Ukimtumia mama yako gunia la karanga kutoka Busia kwenda Kampala, karani wa basi anakukatia risiti yenye namba. Namba ile ni ya safari ya gunia. Si jina lako, si bei ya karanga, wala haionyeshi kwamba gunia limefika. Kesho ukituma gunia jingine utapewa namba nyingine, ingawa mtumaji ni yuleyule. Faida yake ni moja: ukipiga simu kuuliza, karani anajua ni mzigo upi kati ya mizigo mia.

"Reference Number" ni risiti hiyo. Ni namba ya ombi, na kila ombi lina yake. Ukiomba mara tatu utakuwa na namba tatu, na huenda hata moja isikuzalie TIN. "Search Code" ni neno la siri la kuulizia. Kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato, URA, unaziandika zote mbili pale pa kufuatilia ombi, ndipo unaonyeshwa lilipofika. Ndiyo maana sipendi kuona watu wakibandika picha hizi kwenye makundi ya ukoo wakiuliza "hii inamaanisha nini?" Unakuwa umegawa risiti pamoja na neno la siri lake.

TIN ni kitu kingine. Hiyo ni namba yako wewe kama mlipa kodi, ina tarakimu 10, hukaa nawe, na kuipata ni bure. Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakihitaji intaneti: hesabu. Namba ya yule dada ilizidi tarakimu 10, na tulikuwa tumeshajua jibu kabla sijawasha kompyuta.

NIN nayo si TIN, ingawa hapa pamekuwa na utata unaoeleweka. NIN hutolewa na NIRA, mamlaka ya vitambulisho, na ina nafasi 14 zenye herufi na tarakimu. Ya raia wa kiume huanza na CM, ya raia wa kike CF, kisha hufuata tarakimu mbili za mwisho za mwaka wa kuzaliwa. Mabadiliko ya sheria ya taratibu za kodi ya 2025 yaliruhusu NIN itumike kama TIN kwa mtu binafsi. Habari hiyo ikaenea mitaani ikiwa imepoteza miguu, mpaka wengine wakaamini kwamba namba yoyote yenye muhuri wa serikali inatosha. Sheria ilitaja NIN. Haikutaja namba ya ombi, na haikutaja namba ya kadi, ambayo pia imeandikwa kwenye kitambulisho na watu huinakili kimakosa wakidhani ndiyo NIN.

Kuna namba ya nne, PRN, na hiyo ndiyo inayowapotezea watu fedha. PRN ni namba ya malipo. Unaitengeneza kwenye tovuti ya URA unapotaka kulipa kodi au ada fulani ya serikali, kisha unaenda nayo benki au unalipa kwa simu. Karatasi yake ina kiasi, jina la malipo na tarehe ya mwisho ya kutumika, na imepambwa vizuri kiasi kwamba inafanana na risiti. Lakini ni ankara tu. Mtu aliyekuonyesha karatasi ya PRN amekuonyesha kwamba anadaiwa, hajakuonyesha kwamba amelipa. Na kwa kuwa TIN haina ada, ukitumiwa PRN ukaambiwa "lipa hii ndipo TIN itoke", jua kuna jambo. Ama ni PRN ya kitu kingine kabisa, ama ni mchezo. Ukitaka kujua, iandike PRN hiyo wewe mwenyewe kwenye tovuti, pale pa kuangalia hali ya malipo, usome ni malipo ya nini na kwa jina la nani.

Sasa twende kwenye hatua za ombi, maana hapo ndipo wengi hujikwaa hata baada ya kuzijua namba.

Neno lililo mbele ya "Status", pale unapofuatilia ombi, linajibu swali moja: faili iko mikononi mwa nani sasa hivi? Wengi wanalisoma kama jibu la swali jingine, "nimefaulu au nimeshindwa?" Ombi likishatumwa, skrini inasema limepokelewa, na neno la Kiingereza "successfully" likiwa hapo, mtu anashangilia. Kilichofaulu ni kutuma. Gunia limepokelewa kwenye dirisha la basi, limeandikwa kalamu ya wino ubavuni, limewekwa kando.

"Pending" inamaanisha ombi linasubiri, ila haikwambii peke yake linamsubiri nani. Mara nyingi linamsubiri ofisa alifungue. Mara nyingine linakusubiri wewe: kiambatisho hakisomeki, au wameuliza swali na hujajibu. Nimeona watu wakikaa mwezi mzima wakiilaumu ofisi, kumbe ofisi imekaa inawangoja wao. Ukiona neno hili, tafuta kama kuna maelezo chini yake, kisha fungua barua pepe iliyoandikwa kwenye fomu. Barua pepe hiyo, kwa maoni yangu, ina thamani kuliko neno lenyewe, na nitaeleza sababu hapo mbele.

"Approved" ni kukubaliwa, na hapo sasa unapaswa kuwa na TIN yenyewe mkononi. "Rejected" ni kukataliwa kwa ombi, si kwa mtu. Hili nalisisitiza kwa sababu kuna mzee mmoja aliwahi kuniuliza, kwa sauti ya chini, kama amewekwa kwenye orodha mbaya. Hapana, mzee wangu. Ni gunia lililorudishwa kwa sababu jina ubavuni halikusomeka. Unaandika upya, unatuma tena, na unapewa namba mpya ya ombi. Ile ya zamani imekufa. Hata uifuatilie kila siku, itakuambia "Rejected" hadi mwisho wa dunia.

Kwa nini basi mwingine anapata TIN akiwa bado amekaa kwenye kiti, na mwingine anakaa wiki kadhaa na "Pending"? Hapa pana sababu halisi, si upendeleo. Raia mwenye NIN anaweza kupitia njia fupi, ambayo mtandao wa URA unalinganisha alichoandika na daftari la NIRA papo hapo. Vikilingana, mashine inatoa TIN bila kungoja mtu. Wala hakuna hatua za kufuatilia, kwa sababu safari ni kama kuvuka barabara. Asiye na NIN, kwa mfano ndugu yetu mkimbizi kutoka Kongo au mfanyabiashara Mkenya anayefungua shughuli upande huu, hana daftari la kulinganishwa nalo. Lazima ajaze fomu ndefu, aambatishe hati zake, na ofisa azisome kwa macho. "Pending" yake ni ya kawaida. "Pending" ya raia mwenye NIN ni dalili kwamba hakupita njia fupi, na inafaa kuuliza kwa nini.

Swali hilo ndilo nililomuuliza yule dada. "Wewe si una kitambulisho?" Akakitoa kwenye pochi. Kitambulisho kipo, NIN ipo. Basi tuliketi tukaanza kulifuatilia ombi lake.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuiweka picha kando. Picha ya skrini ni ya saa ile ilipopigwa. Ya kwake ilikuwa na wiki tatu, na ombi halisimami kungoja picha. Tena ilikuwa imekatwa sehemu ya juu, pale panapokaa anwani ya tovuti, kwa hiyo hata nisingeweza kuapa kwamba ilitoka URA. Anwani ya kweli ni ura.go.ug, na ya NIRA ni nira.go.ug. Kinachotakiwa ni ile .go.ug iwe mwishoni mwa jina la tovuti, kabla ya alama ya / inayofuata. Anwani yenye ura mwanzoni na .com mwishoni si ya serikali, hata kama rangi na nembo vinafanana kama pacha. Na kubadilisha neno kwenye picha ni kazi ya dakika mbili kwa mtu mwenye simu. "Pending" inageuzwa "Approved" na mteja analipa salio. Kwa hiyo tuliandika ura.go.ug kwa mkono wetu, tukaingia kwenye kufuatilia ombi, tukaweka namba na neno lake la siri.

Jibu likaja: "Rejected". Kiambatisho cha kitambulisho hakikusomeka.

Dada akasema, "Lakini hakuna aliyeniambia." Na ni kweli, hakuambiwa. Tulipokumbushana jinsi fomu ilivyojazwa, ikajulikana kwamba kijana aliandika barua pepe yake yeye mwenyewe na namba yake ya simu, kwa sababu dada hakuwa na barua pepe na kijana alikuwa na haraka. Taarifa ya kukataliwa ilikwenda kwa kijana. Labda hakuiona, labda aliiona akanyamaza, siwezi kumhukumu. Lakini hebu fikiria ombi lingekubaliwa. Akaunti ya kodi ya dada ingefungwa kwenye barua pepe ya mtu mwingine, na kila mara neno la siri likisahaulika, la kubadilishia lingetumwa kwa kijana. Nimekutana na wafanyabiashara wenye TIN ya miaka mingi wasioweza kuingia kwenye akaunti zao, kwa sababu aliyewajazia alihamia mji mwingine na barua pepe yake. Kurekebisha hilo kunataka uende ofisini na hati zako, uthibitishe kwamba wewe ndiye wewe. Kufungua barua pepe ya bure kunachukua dakika kumi.

Kisha likabaki swali la njia fupi. Kwa nini kijana hakuitumia? Niliijaribu, nikiinakili NIN kutoka kwenye noti ya simu ya dada, ile aliyokuwa amemtumia kijana. Ikakataa. Nikachukua kadi yenyewe nikazilinganisha nafasi 14, moja baada ya nyingine. Kwenye noti, palipokuwa na sifuri dada alikuwa ameandika herufi O. Kwa jicho la mtu ni kitu kilekile. Kwa daftari la NIRA ni mtu asiyekuwapo. Kijana alipokataliwa, badala ya kuitazama kadi, aliona fomu ndefu kuwa njia ya mkato, akapiga picha ya kitambulisho kwenye mwanga hafifu, akaiambatisha. Hapo ndipo wiki tatu zilipopotelea: herufi moja, kisha picha yenye giza.

Kosa la sifuri na O ndilo ninaloliona zaidi kwenye NIN. La pili ni majina. Mtu amezoea kuitwa kwa jina la ubatizo au la Kiislamu kwanza, anaandika hivyo, lakini kadi imeweka jina la ukoo mahali pake. Au aliolewa akaanza kutumia jina la mume bila kulibadilisha NIRA. Mtandao hautabishana nawe. Utasema tu kwamba havilingani. Kama kosa liko kwenye fomu, rekebisha fomu. Kama kosa liko kwenye daftari la NIRA, hakuna idadi ya maombi ya TIN itakayolitibu. Unaanzia NIRA kurekebisha taarifa, ndipo unarudi kwenye kodi. Mtu anayeendelea kutuma ombi lilelile anakusanya namba za ombi tu, kama anayekata risiti za basi bila gunia.

Kwa kuwa nimeitaja NIRA, neno moja juu ya picha za maombi ya kitambulisho, maana nazo zinaletwa hapa kwa wingi tangu zoezi la kuandikisha na kubadilisha kadi lilipoanza Mei 2025. Pale nako utapata namba ya ombi, na nako si NIN. Lakini kuna tofauti kubwa: kwenye kitambulisho unangoja vitu viwili, namba na kadi, na haviji pamoja. Aliyejiandikisha mara ya kwanza anaweza kupata NIN kabla kadi haijachapwa. Anayebadilisha kadi iliyokwisha muda tayari ana NIN, na haibadiliki. Kilichokwisha ni plastiki. Kwa hiyo ukiona ombi lako la kubadilisha kadi bado "linasubiri", usidhani umetoka kwenye daftari la taifa. Na ukilinganisha hatua yako na ya jirani, ulizeni kwanza kama mnangoja kitu kimoja.

Dada aliniuliza pia kama angemwambia mhasibu asubiri kwa kumwonyesha ile namba ya ombi. Angeweza, kama mtu anavyoonyesha risiti ya basi kueleza kwamba gunia liko njiani. Ila mhasibu hawezi kuitumia. Ritani ya kodi ya mishahara hupelekwa kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata, na kisanduku cha TIN hakikubali ahadi. Zaidi ya hapo, namba aliyokuwa nayo ilikuwa ya ombi lililokwisha kukataliwa, kwa hiyo hata kama ahadi, ilikuwa ahadi ya uongo bila yeye kujua.

Tukafungua barua pepe yake kwanza. Neno la siri aliliandika mwenyewe huku mimi nikitazama nje kwenye malori. Kisha tukaanza ombi jipya kwa njia fupi, NIN tukiinakili kutoka kwenye kadi, sifuri ikiwa sifuri, jina la ukoo likiwa pale kadi ilipoliweka, simu ikiwa yake. Vikalingana. TIN ikatoka kabla lori la mbele ya foleni halijasogea, jambo ambalo kwa Busia si kipimo cha haraka sana, lakini nalo ni kipimo.

Hakufurahi papo hapo. Aliivuta simu karibu, akaweka kidole kwenye tarakimu ya kwanza, akahesabu taratibu kwa sauti mpaka kumi. Ndipo akampigia mhasibu.